Namna ya kumwandikia barua mkulima anayekodi shamba lako: mfano wa ekari 6 za Kitale

Katika kaunti ya Trans Nzoia mashamba mengi hukodishwa kati ya Novemba na Februari, mahindi yakiwa yamevunwa na trekta hazijaanza kazi. Mara nyingi mazungumzo huishia kwenye mambo mawili tu: bei ya ekari na siku ya kulipa. Watu hupeana mikono, pesa hutumwa kwa M-Pesa, na kila mtu huenda zake. Ugomvi ukizuka baadaye kwa chifu, ni nadra kuwa juu ya ile bei, maana bei kila mmoja anaikumbuka. Watu hugombania mabua yaliyochomwa, miwa iliyopandwa bila ruhusa, nyasi za kukinga mmomonyoko zilizolimwa, au shamba lililouzwa mahindi yakiwa kiunoni.

Kwa hiyo barua ya mwenye shamba iseme kodi kwa ufupi, kisha nguvu yake iende kwenye udongo na kwenye namna ya kuachana. Nitaonyesha kwa mfano mmoja. Mama mjane ana hati ya ekari 7 nje ya mji wa Kitale. Kijana wa jirani, mwenye umri wa mwanawe, anataka kulima mahindi kwa misimu miwili. Wao huitana mama na mwanangu, na barua inaweza kubaki hivyo hivyo. Barua yenye heshima ya nyumbani haina nguvu ndogo kuliko yenye maneno ya mahakamani, mradi tarehe, vipimo na sahihi vipo. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kila eneo lina yake.

Kabla ya kuandika: hati, bodi na kamba ya kupimia

Angalia kwanza jina lililo kwenye hati. Ikiwa bado ni la marehemu mume au baba na mirathi haijashughulikiwa mahakamani, anayekodisha hana mamlaka kamili, na ndugu yeyote anaweza kumfukuza mkulima katikati ya msimu. Katika mfano wetu mama ana hati yenye jina lake, basi anaendelea. Mwenye mume au mke aliye hai, na shamba likiwa ni mali ya ndoa, apate kibali chake kwa maandishi: Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inataja hata upangishaji kati ya mambo ambayo mmoja hawezi kuyafanya peke yake.

La pili ni muda. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upangishaji usiozidi miaka 2 na usiokuwa na ahadi ya kuongezwa ni wa muda mfupi, nao hauhitaji kusajiliwa. Ndiyo sababu mama anatoa miaka 2 kamili na haandiki kwamba kijana "ataongezewa akifanya vizuri". Sentensi hiyo ya ukarimu inaweza kuutoa mkataba kwenye kundi la muda mfupi. Atakayetaka miaka 3 au 5 amtafute wakili, kwa kuwa hapo barua peke yake haitoshi.

Muda mfupi haumwondolei mtu bodi ya kudhibiti ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, inataka kibali cha bodi kwa upangishaji wa ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyotangazwa, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya makubaliano. Kibali kikikosekana makubaliano huwa batili, na pesa iliyolipwa hudaiwa kama deni lingine lolote. Watu wengi hukodisha msimu mmoja mmoja bila kufika huko, na mambo hupita salama hadi siku yanapoharibika. Nenda kwenye ofisi ya kaunti ndogo, uliza bodi inakutana lini, na upeleke ombi mapema.

La tatu ni kupima. Hati inasema ekari 7, lakini boma, njia ya ng'ombe na ukingo wa mto havilimwi. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, yaani uwanja wenye mita 64 hivi kila upande. Pimeni kwa kamba au simu mkiwa wote wawili, na mkubaliane juu ya eneo linalolimika. Hapa linatoka ekari 6. Kijana akilipia ekari ambayo hawezi kuilima, atajilipa mwenyewe kwa kusogeza jembe hadi kwenye ukingo wa mto.

Kodi

Sehemu hii ni fupi. Mama anaandika hivi:

> Mwanangu, ninakukodishia ekari 6 tulizopima pamoja, kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huu hadi tarehe 31 Januari baada ya misimu miwili ya mahindi. Kodi ni shilingi 12,000 kwa ekari kwa mwaka, jumla shilingi 72,000. Shilingi 48,000 utalipa kabla ya trekta kuingia shambani, na shilingi 24,000 kabla ya tarehe 30 Novemba. Utalipa kwenye nambari yangu ya simu iliyo chini ya barua hii, si kwingine. Pesa utakayompa mtu mwingine, hata awe mwanangu wa kumzaa, haitahesabiwa kuwa kodi.

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko bei. Mtoto wa mwenye shamba huja Julai na shida ya karo au hospitali, mkulima anaona aibu kumnyima, halafu Novemba anaambiwa hajalipa. Sentensi hiyo humpa kijana njia ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa anayemzuia ni barua.

Malipo yamegawanywa mara mbili kwa sababu Januari na Februari mkulima ananunua mbegu na mbolea na kulipa trekta kwa wakati mmoja. Ukimkamua yote Februari, kitakachopunguzwa ni mbolea, na hasara itarudi kwenye udongo wako. Usichukue pia kodi ya miaka yote miwili kwa mkupuo. Ukihitaji kuachana naye baada ya mwaka mmoja, pesa ya kumrudishia haitakuwepo.

Wanaopokea kodi kwa magunia wataje uzito na ukavu. Gunia la kilo 90 la mahindi mabichi likishakaushwa haliwi tena la kilo 90. Andika kwamba ni mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, yaliyopimwa kwa mzani mbele ya wote wawili.

Swali la msimu kuharibika lijibiwe pia. Mvua ya mawe ikipiga au mvua ikikatika, je, kodi inapungua? Mimi naona ni haki kodi ibaki ile ile, lakini awamu ya pili isogezwe hadi Februari. Mwenye shamba hapunguziwi karo kwa sababu ya mvua, na mkulima naye hawezi kulipa kwa mahindi ambayo hayakuota. Mkikubaliana vingine, ni sawa, mradi mmeandika.

Mazao

Hapa usiandike "mazao ya kawaida". Taja yanayoruhusiwa, taja yaliyokatazwa, na mengine yote yaombewe ruhusa kwa maandishi.

> Utapanda mahindi na maharagwe. Katika moja ya misimu hii miwili, angalau ekari 2 zitapandwa maharagwe, soya au alizeti bila mahindi ndani yake. Hutapanda miwa, miti, chai, kahawa wala mabingobingo. Viazi utaniomba kwanza.

Miwa inakatazwa kwa sababu ya muda. Huchukua mwaka na zaidi hadi kukatwa mara ya kwanza, kisha huchipua tena kwenye visiki. Mkulima aliyepanda miwa kwenye shamba la miaka miwili amejipa sababu ya kubaki, na hakuna mzee wa mtaa atakayefurahia kumwambia ang'oe. Miti na kahawa ni vivyo hivyo, tena zaidi.

Ekari 2 zisizo na mahindi ni kwa ajili ya ugonjwa unaojulikana kwa herufi MLN, uliotambuliwa Kenya mwaka 2011 kule Bomet. Majani hugeuka manjano kwa mistari, hukauka kuanzia pembeni, na gunzi hubaki bila punje. Virusi vyake huenezwa na wadudu na hudumu pale mahindi yanapofuatana na mahindi. Kupumzisha shamba kwa zao lisilo nafaka ni mojawapo ya njia chache za kukata mfululizo huo. Ngano na mtama havisaidii hapa, kwani ni nafaka. Mkulima wa muda mfupi ataona mahindi yanamlipa zaidi kila msimu, naye hajakosea kwa upande wake. Anayebaki na shamba ni wewe, kwa hiyo sharti hili litoke kwako, na kama ni lazima, pokea kodi pungufu kidogo kwa zile ekari 2.

Viazi vinaombewa ruhusa kwa sababu ya mnyauko wa bakteria. Mbegu mbovu moja huuleta shambani na udongo hubaki nao kwa miaka. Dalili yake ni mmea kunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache: ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio huo. Ruhusu viazi kwa mbegu zilizoidhinishwa tu, na uone risiti kabla hazijapandwa.

Kuna jambo la upande huu wa nchi ambalo watu wa kwingine huenda wasilijue. Kampuni za mbegu huwapa wakulima wa hapa kandarasi ya kuzalisha mbegu za mahindi, na mashamba hayo hutakiwa yawe mbali na mahindi mengine yasichavushwe ovyo. Kijana akitaka kandarasi ya namna hiyo, akuambie kabla ya kusaini, maana itakugusa wewe unayepanda mahindi yako ya kula kando ya boma.

Udongo

Udongo wa mashamba mengi ya Trans Nzoia umezidi asidi. Moja ya sababu ni mbolea zenye amonia, kama DAP, zilizotumika mwaka baada ya mwaka bila chokaa. Asidi hupimwa kwa pH, na mahindi huanza kutaabika inapokuwa chini ya 5.5. Hapo madini ya alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, nayo fosforasi ya mbolea hushikwa na udongo kabla mmea haujaipata. Kwa macho utaona mahindi machanga yenye kingo za majani za zambarau, na ukiung'oa mche, mizizi ni mifupi na minene. Mkulima akiona hivyo huongeza DAP, na tatizo huzidi.

Dawa ni chokaa ya kilimo, na hapo ndipo mikataba mingi hukwama. Chokaa hufanya kazi kwa misimu mitatu hadi minne. Mkulima wa mwaka mmoja hana sababu ya kununua kitu kitakachomfaidi atakayekuja baada yake. Mwenye shamba naye huona si kazi yake, kwa kuwa halimi. Barua isipogawanya gharama hiyo, chokaa haitanunuliwa kamwe.

Fanyeni hivi. Mwishoni mwa Novemba, mahindi yakishatoka, chukueni sampuli ya udongo mkiwa wote wawili. Tembeeni shambani kwa mwendo wa kukata kona, mkichimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epukeni kichuguu, mahali palipokuwa na boma, palipochomwa takataka, na kando ya ua. Changanyeni udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha toeni nusu kilo, mwandike tarehe na jina la shamba, na mpeleke maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko hapo hapo Kitale. Shamba likiwa na mteremko, na sehemu ya chini ina udongo wa rangi nyingine, hizo ni sampuli mbili. Matokeo yakija, nakala moja ibanwe kwenye barua.

Tuseme matokeo ni pH 5.1, na maabara imeshauri tani moja ya chokaa kwa ekari. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, hivyo ekari 6 zinahitaji mifuko 120. Mfuko ukiwa shilingi 400 hadi shambani, gharama ni shilingi 48,000. Hesabu kwamba itatumika misimu minne, yaani shilingi 12,000 kila msimu. Kijana atakaa misimu miwili, basi sehemu yake ni shilingi 24,000, na ya mama ni shilingi 24,000. Mama hana haja ya kutoa pesa mfukoni. Anaandika:

> Utanunua mifuko 120 ya chokaa na kuimwaga shamba zima kabla ya mwisho wa Februari ya mwaka wa kwanza. Utanionyesha risiti na nitaihesabu mifuko kabla haijafunguliwa. Nusu ya gharama ni yangu, nayo ni shilingi 24,000, kwa hiyo mwaka wa kwanza hutalipa ile awamu ya Novemba. Nikikuondoa baada ya msimu mmoja bila kosa lako, nitakurudishia shilingi 12,000 za msimu ambao hukuufaidi. Ukiondoka mwenyewe, sitakudai wala hutanidai.

Hivyo mwaka wa kwanza kijana analipa shilingi 48,000 taslimu, na mwaka wa pili shilingi 72,000 kwa awamu mbili. Mifuko ihesabiwe kabla ya kufunguliwa kwa sababu ikishamwagwa na kulimiwa chini hakuna atakayeweza kuthibitisha kama ilikuwa 120 au 60. Chokaa imwagwe sawasawa, ichanganywe na udongo kwa jembe au haro, na iachwe wiki kadhaa kabla ya kupanda. Isiwekwe siku moja na DAP au samadi mbichi, kwani naitrojeni itapotea hewani.

Kuhusu mbolea, usijaribu kumfundisha mkulima kila kitu. Weka kiwango cha chini na katazo moja. Kiwango cha chini: mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN ya kukuzia kwa kila ekari ya mahindi. Katazo: salfeti ya amonia, ambayo hutia udongo asidi kwa haraka kuliko nyingine zinazouzwa. Anayevuna bila kuweka kitu anauza rutuba yako kwa gunia.

Baada ya mbolea huja mabua. Mwenye ng'ombe wa maziwa atayanunua, mkulima anaona ni mali yake, na mwenye shamba anaona yametoka kwenye shamba lake. Mabua yanayoondoka huondoka na potasiamu nyingi, na udongo unabaki mtupu kiangazi kizima. Gawanya kwa mistari, maana mistari huhesabika: mstari mmoja mkulima abebe, unaofuata ubaki umelala. Kuchoma kukatazwe kabisa. Sema pia nani anaweza kulisha mifugo shambani baada ya mavuno, kwa sababu majirani hudhani shamba lililovunwa ni la wote.

Mmomonyoko ndio uharibifu usioweza kulipwa. Dereva wa trekta hupenda kulima kushuka na kupanda mteremko, kwa kuwa hageuzi mara nyingi na hulipwa kwa ekari. Mvua kubwa ya Aprili ikikuta mifereji iliyoelekea chini, udongo wa juu huishia mtoni kwa wiki chache. Andika kwamba kulima na kupanda kutakata mteremko, na kwamba vipande vya nyasi na matuta yaliyopo havitaguswa. Pima upana wake. Ukanda wa nyasi wa mita 1 hupungua taratibu kila msimu, jembe likiuma sentimita 20 huku na 20 kule, na kama hukuandika upana huna la kusema. Vigingi viwili vya mti mgumu kila mwisho wa ukanda vinatosha. Ukingo wa mto nao uwekewe vigingi, na miti iliyopo ihesabiwe: mama ana mikaratusi 14 na miparachichi 3, na idadi hiyo inaingia kwenye barua. Matunda yatakuwa ya nani? Sema.

Namna ya kuachana

Mwaka wa kukodi uanze na kuisha wakati shamba liko tupu. Mahindi ya muda mrefu kama H614 hupandwa mwishoni mwa Machi au Aprili, na katika baridi ya Kitale huchukua miezi 6 hivi au zaidi kukomaa, kisha husimama shambani yakikauka. Mavuno huanzia Oktoba na huweza kufika Desemba. Mkataba unaoisha tarehe 31 Oktoba, kwa sababu tu ulianza Novemba, utakuta mahindi yamesimama. Ndiyo maana mama ameweka 1 Februari hadi 31 Januari.

> Mwanangu, muda wetu ukiisha tarehe 31 Januari ya mwaka wa pili, shamba litarudi kwangu bila notisi nyingine. Nikilihitaji kabla ya hapo, nitakuandikia kabla ya tarehe 30 Septemba na utaondoka baada ya kuvuna, si kabla. Wewe nawe ukitaka kuacha, niandikie kabla ya tarehe hiyo hiyo. Shamba likiuzwa, mnunuzi ataambiwa kwa maandishi kwamba mazao yaliyo shambani ni yako hadi uyavune. Mmoja wetu akifariki, warithi wake wataheshimu msimu ulioanza.

Tarehe 30 Septemba imechaguliwa kwa sababu mkulima anahitaji muda wa kutafuta shamba jingine kabla bei za Januari hazijapanda, na mwenye shamba anahitaji muda wa kumpata mkulima mwingine. Notisi ya "mwezi mmoja" inayonakiliwa kutoka mikataba ya nyumba za kupanga haifai shambani. Mwezi mmoja kuanzia Mei humwacha mtu na mahindi ya kufika magotini na deni la mbolea.

Kuondoka kwa kosa kuandikwe peke yake, na makosa yawe machache. Ninashauri matatu: kutolipa siku 30 baada ya tarehe, kupanda kilichokatazwa, na kumkodisha mtu mwingine bila ruhusa. Hilo la tatu hutokea sana. Mkulima hukodi ekari 6 kwa shilingi 12,000, hulima 3, na nyingine 3 humpa mtu kwa shilingi 15,000, naye mtu huyo hajawahi kuiona barua yako. Kwa kila kosa, mwenye shamba atoe onyo la maandishi na siku 30 za kurekebisha. Lisiporekebishwa, mkataba unaisha msimu huo ukivunwa. Hata hapo, usimwondoe mtu mazao yakiwa shambani. Kama anadaiwa kodi, mkubaliane mbele ya mashahidi magunia mangapi yatabaki kwako kulipa deni. Kuingia na kuvuna mwenyewe kunakutoa kwenye nafasi ya mdai na kukuweka kwenye nafasi ya mshtakiwa.

Tarehe ya mwisho ikipita na kijana bado yuko, usipokee senti hata moja kabla hamjaandika barua mpya. Kupokea kodi baada ya muda kuisha kunaweza kumfanya awe mpangaji wa kipindi kwa kipindi mbele ya sheria, na kumtoa kutahitaji notisi mpya. Pesa ikija kwenye simu bila kuombwa, irudishe siku hiyo hiyo na uhifadhi ujumbe.

Maneno mawili ya kuongezea. Kijana anaweza kujenga ghala la mabati la muda na kulibomoa akiondoka, ila hakuna msingi wa saruji wala nyumba ya kulala. Na hati halisi haitoki nyumbani. Mkulima ana haki ya kuiona na kupiga picha ukurasa wa kwanza, lakini si ya kukaa nayo kama dhamana.

Kutia sahihi, na siku ya kurudishiana

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura 23, inataka mkataba unaohusu haki katika ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Ingawa sheria hulegeza upangishaji mfupi, usitegemee hilo. Someni barua kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, wasio na deni kwa yeyote kati yenu. Ikiwa mmoja hasomi vizuri, aisikie kwa lugha anayoielewa, iwe Kibukusu au Kisabaoti, na shahidi aandike kwamba alisomewa. Kila ukurasa utiwe sahihi, si wa mwisho tu. Nakala ziwe tatu: ya mama, ya kijana, na ya kubaki kwa mzee wa mtaa au kwenye faili ya ombi la bodi. Nyuma ya barua ibanwe karatasi ya vipimo, matokeo ya maabara na picha za shamba zilizopigwa siku hiyo kutoka pembe zote nne.

Kila malipo yakifika, mama aandike nyuma ya nakala yake kiasi, tarehe na nambari ya muamala, na kijana afanye vivyo hivyo kwenye yake.

Mwishoni mwa Novemba ya mwaka wa pili, chukueni sampuli ya udongo tena, kwa njia ile ile na kwenye maabara ile ile. Mwezi usibadilike, kwa kuwa pH hupanda na kushuka kidogo kufuata unyevu wa udongo. Tofauti ya 0.1 au 0.2 isiwe sababu ya kugombana. Vipimo vyenyewe hutofautiana kiasi hicho. Lakini shamba lililopata tani 6 za chokaa na bado likasoma 5.1 linauliza swali kuhusu ile mifuko. Kisha Januari, kabla ya tarehe 31, tembeeni na karatasi mkononi: vigingi vya ukanda wa nyasi, ukingo wa mto, miti 17, mistari ya mabua, ghala limebomolewa. Kilicho sawa kitiwe alama, kisicho sawa kiandikwe pamoja na gharama na tarehe ya kulipwa, na nyote wawili mtie sahihi chini yake.